Lupu Iliyojaza Diski

Darasani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bingwa, na jina hilo hatukumpa kwa kejeli. Mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni, Bingwa keshalijibu, kalamu kaiweka chini, anatutazama sisi wengine kama mtu aliyeshiba anavyowatazama wanaogombea sufuria. Nilimpenda, lakini sitasema uongo: kuna siku nilitamani ateleze kidogo, japo kwenye ngazi tu, watu wacheke. Sikujua kwamba siku atakayoteleza yeye, atakayeanguka ni mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine tulimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alituzidi umri, alikuwa na binti wa shule ya msingi, na alikuja chuoni baada ya ofisi alikokuwa akipiga chapa barua kuona haina tena haja ya mpiga chapa. Wengi wangelia wakanyamaza. Yeye aliona kwamba kama kompyuta ndiyo iliyomfukuza, basi na aisome hiyo kompyuta, ajue ilikuwa na nini cha kumzidi. Somo la programu lilimwangusha mara ya kwanza. Chuo kilikuwa kinaruhusu kurudia mara moja tu. Ukianguka tena, unafungasha. Kwa hiyo mradi wa mwisho wa muhula ule, ambao kwetu sisi ulikuwa ni alama tu, kwake ulikuwa ndio mlango wenyewe.

Alikaa kando ya Bingwa, na lazima nimtendee haki Bingwa: alimsaidia sana. Alimweleza mambo ambayo mwalimu aliyapita mbio. Tatizo lake lilikuwa subira. Shangazi akiuliza swali moja lilikuwa linajibiwa vizuri, la pili linajibiwa haraka, na la tatu jibu lake lilikuwa lilelile kila siku, "Funga, fungua tena." Na kwa kweli mara nyingi ilikuwa inasaidia. Mashine za maabara yetu zilikuwa kuukuu, zikikwama unafunga programu, unaifungua upya, zinaamka. Shangazi akaishika dawa ile kama mgonjwa anavyoshika dawa ya daktari anayemwamini.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye feni mbili, moja inazunguka, nyingine inatafakari. Mwishoni kulikuwa na kichumba chenye mlango wa kioo, na humo alikaa fundi wa maabara pamoja na seva, ile kompyuta kubwa iliyohifadhi kazi zetu zote. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake humo, lakini diski ilikuwa moja, na hapakuwa na mgao: anayeandika kidogo na anayeandika sana walichota nafasi kwenye pipa lilelile. Fundi alikuwa ameomba diski kubwa zaidi mara nyingi, akajibiwa avumilie. Akavumilia, akabandika karatasi mlangoni: usiondoke ukaiacha programu yako inakimbia. Tuliisoma siku ya kwanza, baada ya hapo ikawa sehemu ya ukuta.

Mwalimu wa programu tulimwita Saa Sita, kwa sababu kazi zote alizipokea mwisho saa sita mchana, na baada ya hapo hata ukipiga magoti hakuoni. Mradi aliotupa ulikuwa wa kadi za wanachama wa klabu isiyokuwepo, ya kubuni tu. Programu isome orodha ya majina, kisha iandike kadi ya kila mtu kwenye faili moja. Na alitaka tutumie lupu tuliyoiandika wenyewe kwa mkono, pamoja na kaunta yake.

Kwa asiyejua, lupu ni maagizo ambayo mashine inayarudia maadamu sharti fulani bado ni kweli. Kaunta ni namba tu, inayoonyesha umefika kwa mtu gani. Inaanza na sifuri, maana ndivyo lugha ile inavyomhesabu mtu wa kwanza. Unaiambia mashine: maadamu kaunta ni ndogo kuliko idadi ya majina, mwandikie kadi mtu aliye kwenye namba hiyo, kisha ongeza moja kwenye kaunta, urudi juu uangalie tena. Kaunta ikishafikia idadi ya majina, sharti linakuwa si kweli tena, lupu inakoma. Lakini hiyo "ongeza moja" mashine haikufanyii hisani. Usipoiandika, haipo.

Mradi ulikuwa wa kukabidhiwa Ijumaa. Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, Bingwa alikuwa anamalizia wake. Alianza kwa kuandika kadi moja tu, ya mtu wa kwanza kwenye orodha, aone inakaaje. Mtu wa kwanza alikuwa Shangazi. Alimweka juu kwa mapenzi na utani, chini yake akatupanga sisi wengine, kisha akajazia majina ya kubuni bila hesabu. Kadi ikatoka safi. Basi akarudi akaizungushia lupu. Akaandika mstari wa sharti, akaisogeza mistari ya kadi ndani yake, akahifadhi, akaamuru programu ikimbie. Mstari wa kuongeza kaunta hakuuandika. Alipokuwa na kadi moja hakuuhitaji, na alipoanza kuuhitaji mawazo yake yalikuwa yameshafika kantini.

Laiti kadi zile zingekuwa zinatokea kwenye kioo cha kompyuta, angeona palepale kwamba ni kadi ileile inajirudia. Lakini zilikuwa zinakwenda kwenye faili, kule kwenye seva, na kioo kilikaa kimya. Shangazi, ambaye jicho lake lilikuwa halitulii kwake tu, alimwuliza mbona programu yake haimalizi. Bingwa akamjibu kwamba majina ni mengi na mashine ni za enzi za babu, aiache ipike. Akanyanyuka. Mimi nilikuwa naye, na wala sikuitazama ile karatasi ya mlangoni. Mwenye njaa hana miiko.

Shangazi alibaki. Wiki nzima alikuwa akipigana na sehemu moja ya mradi wake, na mchana ule, sisi tukiwa tunakula, ikamtii. Aliniambia baadaye kwamba alikaa akaitazama kwanza, kama mtu aliyemaliza kufuma kitu. Kisha akabonyeza kuhifadhi.

Wakati huo diski ilikuwa imejaa pomoni. Lupu ya Bingwa ilikuwa inaandika kadi ya Shangazi, inaangalia kaunta, inaikuta sifuri, inaandika tena kadi ya Shangazi. Na kwa kuwa Bingwa hakuiagiza programu yake ikague kama maandishi yameingia, hata nafasi ilipokwisha haikusimama. Ilibaki inasukuma tu, na pakipatikana upenyo inauziba. Programu tuliyotumia kuandikia nayo ilikuwa na tabia yake: ukihifadhi, inafuta kwanza toleo la zamani, halafu ndiyo inamimina jipya. La zamani likafutika. Jipya likakosa pa kuingia. Kazi yote ya Shangazi ikabaki sehemu moja tu duniani, kwenye dirisha lililokuwa wazi mbele ya macho yake, na juu yake maandishi mekundu ya kizungu cha mashine.

Hapo angeweza kuokoka. Angeinakili kwenye flashi, angeipiga picha kwa simu, angemwita fundi, yote yangefaa. Alimpigia simu Bingwa. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja, simu iko juu ya meza, sauti imefunguliwa kwa sababu mikono ya Bingwa ilikuwa na mchuzi.

"Imekataa kuhifadhi," Shangazi alisema. "Kuna maandishi mekundu, sijui yanasema..."

"Funga, fungua tena."

"Inaniuliza kama nifunge bila kuhifadhi."

"Shangazi, funga tu."

Akafunga. Alipofungua tena, akakuta ukurasa mweupe.

Tuliporudi fundi alikuwa ameshatoka kwenye kichumba chake, anapita mstari hadi mstari, anauliza nani kaacha programu inakimbia. Hakungoja kujibiwa. Alirudi ndani, akaiona kwenye seva pamoja na akaunti iliyoianzisha, akaikatisha, kisha akamwita Bingwa peke yake. Aliyoambiwa humo alinisimulia mwenyewe, ila si siku ile. Fundi alimfungulia mwanzo wa faili, akamshushia, akamshushia, na kila walipofika ilikuwa kadi ileile yenye jina la Shangazi. Bingwa hakuhitaji kuelezwa. Alisema kaunta haiongezeki, na fundi akasema ndiyo, haiongezeki.

Kisha fundi akamwambia maneno ambayo nadhani angeyatamka vingine kama angejua yatakavyotumika. "Mimi naandika kwamba diski ilijaa. Ilijazwa na nani, kamweleze mwalimu wewe mwenyewe, na mwenzio pia. Leo hii." Alitaka kumwachia heshima yake. Bingwa akaitika. Alirudi kwenye kiti chake, akauongeza ule mstari, akaamuru programu ikimbie, na kabla hajatoa kidole kwenye kibonyezo kadi zote zilikuwa tayari, ya kwanza hadi ya mwisho, kila mtu na yake.

Kando yake Shangazi alikuwa amekaa, mikono mapajani. Fundi alikuwa amemrudishia nakala ya Jumapili, maana kila Jumapili alikuwa anatunza nakala za kazi zetu, lakini Jumapili mradi ule ulikuwa mifupa tu. "Iliniuliza kabisa," Shangazi alisema. "Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Sasa namlaumu nani?"

Hapo ndipo palipokuwa pahali pake pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, mtu yuko mbele yake, na hata sisi tuliokuwa karibu tungesikia tukasema basi, bahati mbaya, twende kwa mwalimu. Bingwa alisema, "Pole, Shangazi."

Mpaka leo neno pole likitamkwa mbele yangu nalisikiliza mara mbili.

Bingwa alimsaidia mchana wote. Hakwenda popote, hakunywa hata maji, alikaa akimkumbusha alivyokuwa ameandika. Alitaka hata kumwandikia, Shangazi akakataa. Alisema Saa Sita angemwita mbele aeleze mstari mmoja mmoja, na mtu haelezi nguo asiyoishona. Maabara ilipofungwa Shangazi alikuwa hajafika nusu, na nyumbani kulikuwa na mtoto anayemngoja. Ijumaa saa sita alikabidhi alichonacho. Programu yake ilisoma majina vizuri kabisa, ikaishia hapo.

Saa Sita alipomaliza kukusanya, alifanya jambo ambalo hatukumtegemea. Alisema amepata taarifa kwamba diski ilijaa kwa muda Alhamisi. Yeyote aliyepoteza kazi kwa kosa la mtambo, na si kwa kosa lake, amweleze kabla ya Jumatatu saa sita mchana, alama hazijapelekwa kwenye bodi ya mitihani, naye atampa wiki moja zaidi. Baada ya hapo, alisema, mkono wake hautafika.

Niligeuka nimwone Shangazi. Alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake. Aliposikia "si kwa kosa lake", alijua maneno yale hayamhusu: yeye alibonyeza ndiyo kwa kidole chake. Bingwa alikuwa anaitazama meza. Nilidhani anamhurumia rafiki yake, nikampiga begani kidogo kumtia moyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa naipapasa ile nguo.

Kwa nini hakusema? Nimemwuliza, na majibu yake yamekuwa mengi, na mimi nayaamini yote. Aliogopa kupokonywa alama. Aliogopa Saa Sita. Lakini nadhani kubwa lilikuwa hili: Bingwa kusahau kuongeza kaunta! Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kosa analotolea mfano mwalimu darasa likacheka. Kama lingekuwa kosa kubwa la ajabu, naamini angelisema. Lilikuwa dogo mno, likamtia haya. Ijumaa akasema atasema Jumamosi kwa simu. Jumamosi akaona jambo kama lile halisemwi kwenye simu. Jumatatu asubuhi alikutana na fundi kwenye korido, fundi akamwuliza kama ameshawaeleza wale watu, naye akajibu ndiyo. Fundi akaridhika, akaenda zake kushughulikia feni. Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema, ila safari hii tumbo lililoumia si la aliyengoja.

Matokeo yalipobandikwa, jina la kwanza lilikuwa la Bingwa. Jina la Shangazi lilikuwa kwenye karatasi nyingine, ya wanaofungasha.

Siku hiyo ndiyo Bingwa aliniambia yote, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya maabara. Sikumfariji. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa alama za katikati na nitabaki hapo, lakini siku hiyo nisingebadilishana naye. Alilia, nikamwacha alie, kisha nikamshika mkono tukaenda kwa Saa Sita. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliandika barua kwa bodi siku ileile, na jibu lilirudi kwamba shauri limefungwa, mwanafunzi mwenyewe hakulalamika kwa wakati. Aliiweka karatasi chini, akamwambia Bingwa, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "Jumatatu asubuhi nilikuwa hapahapa."

Kilichobaki kilikuwa kwenda kwa Shangazi. Bingwa aliniomba nimsindikize, nami nilikubali, nusu kwa urafiki na nusu nione kama kweli ataingia.

Tulimkuta kwenye duka la kutoa nakala, karibu na kituo cha afya, ambako alikuwa amepata kazi ya kupiga chapa barua za watu. Duka lilikuwa jembamba: mashine ya kutolea nakala, meza yake, na kiti kimoja cha mteja. Binti yake, akiwa bado na sare ya shule, alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya meza, anafanya kazi yake ya nyumbani juu ya boksi la karatasi. Shangazi alitupokea kwa furaha ya kweli. Alimpongeza Bingwa kwa kuwa wa kwanza, akasema alijua tangu zamani, akataka kutuagizia soda. Bingwa alikataa soda, akabaki amesimama, akasema.

Alisema yote na kwa mpangilio, hilo nampa. Lupu, kaunta, faili, diski, simu ile ya kantini, fundi, Ijumaa, Jumatatu. Shangazi alikuwa na barua ya mtu kwenye kompyuta, nusu imepigwa. Vidole vyake vilibaki juu ya vibonyezo, havibonyezi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Alhamisi ileile. Tuliporudi kula."

"Nilipokuwa nimekaa pale."

"Ndiyo."

Mteja alichungulia mlangoni, akaona sura zetu, akasema atarudi. Nilitegemea Shangazi atatutukana, na ningefurahi angetutukana, maana mimi pia nilikuwepo mezani simu ile ilipopigwa na sikusema neno. Lakini alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kusahau mstari, mwanangu, mimi nimesahau mingi. Nisingekuona vibaya hata kidogo," alisema. "Lakini huyu hapa chini amekuwa akiniuliza kwa nini niliacha chuo. Nikamwambia mama alibonyeza vibaya. Akaniambia, mama, uwe unasoma kabla ya kubonyeza. Kila siku ananiambia. Nikiwasha jiko, nikifungua simu: mama, soma kwanza." Alisogeza kiti chake kando, pakawa na upenyo wa kupita. "Mwambie wewe. Mimi nimechoka kujieleza."

Bingwa aliinama hadi chini, magoti kwenye vumbi la karatasi. Mtoto alikuwa amesikia kila kitu lakini alimtazama kama anayeanza upya. Bingwa akamweleza, kwa maneno ya kitoto, kwamba kulikuwa na kazi ya kuandika kadi za watu wengi, na ilitakiwa ukimaliza mtu mmoja uende kwa anayefuata, na yeye alisahau kuiambia mashine iende kwa anayefuata. Ikaandika mtu mmoja tu, tena na tena, mpaka nafasi ya wote ikaisha, na kazi ya mama ikakosa pa kukaa. Na mama alipouliza, yeye ndiye aliyemwambia afunge.

Mtoto alifikiri. "Kwa hiyo mama hakukosea?"

"Hakukosea."

"Basi kesho atarudi chuoni," alisema, akaanza kukusanya penseli zake kama mtu ambaye jambo lake limekwisha.

Bingwa aliinua uso akanitazama mimi, kisha akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameshageukia kioo chake, anaipiga ile barua ya mtu.